Madaraja ya ukuzaji katika riwaya za Kichina za mtandaoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unaeleza ngazi moja tu, ile iliyozoeleka zaidi katika riwaya za xianxia, yaani hadithi za watu wanaotafuta kutokufa: Lianqi, Zhuji, Jiedan, Yuanying, Huashen. Ukishaielewa hiyo, ngazi za vitabu vingine utazisoma kwa kulinganisha. Tumekaa zaidi kwenye safari ya kutoka Lianqi kwenda Zhuji, kwa sababu hapo ndipo kanuni zote za ngazi hujitokeza kwa mara ya kwanza, na ndipo msomaji mgeni huanza kupotea.

Mkuzaji ni nani, na anakuza nini?

Kichina wanasema xiulian: kujifua na kujisafisha kwa muda mrefu mpaka mwili na nafsi vibadilike. Anayefanya hivyo hapa tunamwita mkuzaji. Anachokikuza ni chi, nguvu iliyomo hewani, ardhini, kwenye mimea na kwenye mawe maalumu. Anaivuta, anaipitisha kwenye mishipa isiyoonekana, kisha anaihifadhi kwenye dantian, mahali palipo chini kidogo ya kitovu. Maana ya neno hilo ni shamba la zingifuri, na asili yake tutaiona mbele.

Si kila mtu anaweza. Katika vitabu vingi mtoto hupimwa kama ana mzizi wa roho. Mizizi hufuata vitu vitano: metali, mti, maji, moto na udongo. Msomaji mgeni hudhani kuwa na mizizi mingi ni bahati, lakini ni kinyume. Mwenye mzizi mmoja huvuta chi ya aina moja, safi, na hupanda haraka. Mwenye minne au mitano huvuta mchanganyiko unaombidi kuuchambua, na kazi ya mwaka mmoja kwa mwenzake kwake huwa ya miaka kadhaa.

Daraja na tabaka vinatofautianaje?

Hili ndilo jambo la kulishika kuliko mengine yote. Tabaka ni wingi, daraja ni hali.

Fikiria chi kama mvuke. Katika Lianqi, yaani kusafisha chi, dantian imejaa ukungu. Kutoka tabaka la kwanza hadi la tisa ukungu unazidi kuwa mzito, lakini unabaki kuwa ukungu. Katika Zhuji, yaani kuweka msingi, ukungu unageuka maji. Katika Jiedan, kuunda kidonge, maji yanabanwa mpaka yawe kitu kigumu, kidonge cha dhahabu ambacho wengi hukiita Jindan. Katika Yuanying kidonge hicho kinapasuka, na ndani yake anatoka kichanga mwenye sura ya mwenyewe, aliyekaa amekunja miguu ndani ya dantian.

Ukungu, maji, kitu kigumu, kitu hai. Kila daraja ni mageuzi ya aina hiyo, na ndiyo maana mtu wa tabaka la tisa hawi karibu na Zhuji kwa sababu tu namba tisa iko karibu na kumi. Kujaza sufuria maji mengi zaidi hakuyafanyi yachemke.

Kila daraja linampa mtu nini?

Vitabu hutofautiana, ila hesabu ya umri hufuata mkondo huu: Lianqi huishi miaka mia na kitu, Zhuji takriban 200, Jiedan takriban 500, Yuanying takriban 1,000, na Huashen, yaani kugeuza roho, 2,000 au zaidi. Umri huu ndio injini ya hadithi. Mzee wa Zhuji mwenye miaka 190 anapofanya jambo la kikatili kutafuta dawa, mwandishi hahitaji kutueleza sababu.

Nguvu nyingine huja na hali mpya ya chi. Wa Lianqi akirusha moto mara kumi ameishiwa, kwa sababu ukungu hauna akiba kubwa. Wa Zhuji ana maji, hivyo anaweza kuruka juu ya upanga kwa masafa marefu, na fahamu yake hutoka nje ya mwili na kupapasa mambo yaliyo mbali bila kutumia macho. Katika vitabu vingi pia haumwi tena na njaa kwa kukosa chakula. Wa Jiedan hutengeneza silaha yake mwenyewe na kuilea ndani ya mwili. Wa Yuanying hata akiuawa, kichanga chake kinaweza kukimbia na kuteka mwili wa mtu mwingine. Ukiona mwandishi anamwua mtu wa Yuanying bila kusema kichanga kimekwenda wapi, tarajia mtu huyo arudi.

Kwa nini watu wengi hukwama kwenye tabaka la mwisho la Lianqi?

Kwa sababu ya kile Wachina wanachokiita pingjing, shingo ya chupa. Ndani ya daraja, mtu akiketi na kuvuta chi kila siku, hata awe goigoi kiasi gani, atasogea. Akifika ukamilifu wa daraja, dantian haipokei tena. Anachovuta asubuhi kinavuja jioni. Kuanzia hapo bidii ya kila siku haimsaidii, ila anahitaji msukumo mmoja mkubwa wa kubana ukungu wote kwa pamoja, kwa nguvu inayozidi ile aliyo nayo.

Juu ya hapo kuna saa inayohesabu. Vitabu vingi huweka kikomo karibu na miaka 60: baada ya hapo damu na nguvu ya mwili hupungua, mishipa hukakamaa, na nafasi ya kuvuka huwa ndogo mno. Ndiyo maana madhehebu yenye wanafunzi elfu wa Lianqi huwa na wazee wachache tu wa Zhuji.

Kidonge cha Zhuji kinafanya kazi gani hasa?

Kinaleta ule msukumo ambao mtu hana. Kikimezwa, huachilia chi nyingi ndani ya muda mfupi, na sehemu yake huzipanua na kuzilinda kuta za mishipa ili zisipasuke. Hakimvushi mtu. Kinampa dirisha, na ndani ya dirisha hilo lazima afanye kazi mwenyewe.

Ugumu wake ni viungo. Kwa kawaida mmea mkuu huota mahali pa siri panapofunguka mara moja kwa miaka mingi, na mfuaji wa vidonge huharibu mafungu kadhaa kabla ya kupata moja zuri. Kwa hiyo madhehebu huvigawa kwa mashindano, kwa sifa za utumishi au kwa upendeleo, na hapo ndipo nusu ya ugomvi wa sura mia za kwanza unapozaliwa.

Tuelezeni jaribio moja hatua kwa hatua.

Tutunge mfano wenye sifa za kawaida. Mwanafunzi ana miaka 38, mizizi mitatu, amefika tabaka la tisa, na ana kidonge kimoja tu.

Kwanza hakimbilii kumeza. Anakaa miezi sita akiisafisha chi yake, kwa sababu mtu wa mizizi mitatu ana ukungu mchafu, na ukungu mchafu haushikani unapobanwa. Katika muda huo anaacha pia vidonge vidogo vya kuongeza nguvu. Vidonge vya namna hiyo huacha masalia mwilini, sumu ya vidonge, nayo huziba mishipa taratibu bila mtu kujua.

Kisha anatafuta mahali. Anakodi pango lililo juu ya mshipa wa roho, yaani mkondo wa chi unaopita ardhini, na analipa kwa mawe ya roho. Anapanga mazindiko mawili ya bendera: moja la kukusanya chi ndani ya pango, jingine la kuzuia watu na sauti. Rafiki anayemwamini anakaa mlangoni. Kazi hii ya ulinzi kwa Kichina inaitwa hufa, na si mapambo, kwani katikati ya kubana chi mkuzaji hawezi hata kuinua mkono.

Siku yenyewe anaanza kwa kuzungusha chi mizunguko kamili: inapanda nyuma kwa uti wa mgongo hadi utosini, inashuka mbele ya mwili hadi kwenye dantian. Akiona mzunguko ni laini, anameza. Nguvu ya kidonge inafumuka. Sasa kazi yake ni kuikamata na kuitia kwenye mzunguko uleule kabla haijatawanyika, kisha kuisukuma yote dantian na kuanza kubana kuelekea katikati.

Ukungu unazunguka, unakuwa mzito, unakuwa mweupe kama maziwa. Maumivu ni makali. Alama anayoisubiri ni tone la kwanza. Likidondoka, ukungu unaobaki hulifuata kama mvua, kwa kuwa sasa una kitu cha kushikamana nacho. Kama nguvu ya kidonge itaisha kabla ya tone hilo, kila kitu hurudi kuwa ukungu, na kingi hupotea.

Tuseme tone limepatikana. Mwili unatoa uchafu mweusi wenye harufu mbaya kupitia vinyweleo, fahamu inafunguka, naye anasikia pumzi za rafiki yake nje ya ukuta. Bado hajamaliza. Atajifungia tena miezi mitatu au zaidi kutuliza daraja, kwa sababu maji machache aliyo nayo yanaweza kurudi kuwa mvuke. Akitoka mapema na kupigana, anaweza kushuka. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na huku methali hiyo ina gharama ya miaka.

Majaribio hushindwa kwa nini, na msomaji anaweza kujua mapema?

Anaweza, kama mwandishi ni makini. Sababu ni chache, na kila moja huacha dalili sura nyingi kabla ya tukio.

Ya kwanza ni msingi mlegevu. Mhusika alipanda matabaka matatu ndani ya mwezi mmoja kwa vidonge. Dalili utaiona vitani: mashambulizi yake ni makubwa lakini chi inamwishia upesi, au wazee wanasema nguvu yake inaelea. Mtu huyu ana wingi wa kutosha lakini hana uzito wa kutosha, hivyo atashindwa wakati wa kubana.

Ya pili ni jeraha lililofichika. Mshipa ulioungua katika pigano la zamani unaweza kubeba chi ya kawaida, lakini ukifika mfumuko wa kidonge unapasuka. Mwandishi anapotaja kikohozi chenye damu na kukipita haraka, usikipite wewe.

Ya tatu ni kukatizwa, na ya nne ni shetani wa moyo. Huyu ni jambo ambalo mkuzaji hajalimaliza moyoni: mtu aliyemwacha afe, deni, wivu. Wakati wa kuvuka, fahamu iko wazi bila kinga, na jambo hilo huja kama maono. Akilifuata, anaacha kuuongoza mzunguko. Katika Lianqi shetani huyu ni dhaifu, lakini kuanzia Jiedan ndiye muuaji mkuu, na vitabu vizuri humtayarisha tangu sura za mwanzo kabisa.

Adhabu ya kushindwa pia ina viwango. Nyepesi ni kushuka tabaka moja au mawili na kupumzika mwaka. Ya kati ni mishipa kuharibika, na hapo hakuna jaribio la pili bila dawa adimu. Nzito ni kifo. Mwanafunzi wetu wa miaka 38 akishuka hadi tabaka la saba, kupanda tena kutamchukua miaka kama kumi, kisha atafute kidonge kingine. Atakuwa anakaribia hamsini. Ukiifanya hesabu hiyo mwenyewe, utaelewa kwa nini mtu aliyeshindwa mara moja huonekana kama aliyekwisha.

Zouhuorumo ni nini?

Kwa maneno yake ni moto kuacha njia na shetani kuingia. Ni ajali ya mazoezi: chi inakwenda njia isiyo yake, inachoma mishipa, na akili inavurugika. Inaweza kutokea siku yoyote, hasa kwa anayefuata kitabu cha mbinu chenye kurasa zilizopotea au anayechanganya mbinu mbili zinazopingana. Usiichanganye na kushindwa kuvuka. Kushindwa ni nguvu kutotosha, zouhuorumo ni nguvu kupotea njia.

Na radi zinazoshuka kutoka mbinguni?

Hiyo ni dhiki ya mbingu. Mantiki yake ni kwamba anayejiongezea umri anaiba kitu ambacho mbingu haikumpangia, nayo inamjaribu. Katika ngazi yetu, Zhuji kwa kawaida haina radi. Huanza Jiedan au Yuanying, na huja kwa mapigo yaliyohesabiwa, mara nyingi tisa au mafungu ya tisa. Kanuni moja huwa kali: mtu akiingia kumsaidia, radi huongezeka kulingana na nguvu ya aliyeingia. Ndiyo maana walimu hubaki mbali wakitazama tu.

Mtu wa daraja la chini anaweza kumshinda wa juu?

Ndani ya daraja moja, ndiyo, na si ajabu. Tabaka la saba likiwa na silaha nzuri linaweza kuliangusha la tisa. Kuvuka daraja zima ni jambo jingine, kwa kuwa ni ukungu dhidi ya maji. Mwandishi mwaminifu hulipia ushindi wa namna hiyo: hirizi iliyotengenezwa na mtu wa daraja la juu na inayotumika mara moja, mtego uliotegwa kwa siku kadhaa, adui aliyekwisha jeruhiwa. Kama shujaa anawapiga wa Zhuji kila wiki akiwa Lianqi bila kulipa chochote, ngazi ya kitabu hicho imekufa, na kila kuvuka kutakakofuata hakutakuwa na uzito. Kwa maoni yetu hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika aina hii ya riwaya.

Mambo haya yametoka wapi?

Majina mengi yametoka kwenye dini ya Tao. Zamani Watao walitafuta dawa ya kutokufa kwa kuchoma madini katika tanuru, hasa zingifuri, ambayo ndani yake mna zebaki. Dawa hizo ziliua watu, wakiwemo wafalme wa nasaba ya Tang. Sambamba na hapo ilikua neidan, alkemia ya ndani: tanuru ni mwili wenyewe, na vinavyosafishwa ni jing, chi na shen, yaani asili ya uhai, pumzi na roho. Zhang Boduan wa nasaba ya Song aliandika mashairi mashuhuri ya njia hii mnamo mwaka 1075. Kuweka msingi, kidonge cha dhahabu na kichanga ni lugha ya mafundisho hayo. Kule vilikuwa mafumbo ya kutafakari, na waandishi wa riwaya ndio waliovigeuza kuwa vyeo vyenye namba. Hivyo usichukue zoezi la kupumua kutoka kwenye riwaya ukadhani ni mafundisho ya Tao.

Kitabu changu kinaanza na kufua mwili, kisha Houtian na Xiantian. Ni ngazi nyingine?

Ndiyo. Hiyo ni kawaida ya xuanhuan, yaani riwaya za njozi, na vitabu vilivyo karibu na sanaa za mapigano. Kufua mwili huenda kutoka nje kwenda ndani: ngozi, nyama, kano, mifupa, viungo vya ndani, uboho. Houtian maana yake ni baada ya kuzaliwa, na Xiantian ni kabla ya kuzaliwa. Wazo ni kwamba mtoto tumboni hupumua chi safi ya asili, akizaliwa anaipoteza, na mkuzaji anairudia. Tafuta mahali ambapo hali inabadilika, si wingi tu, na utajua ni wapi pa kulinganisha na Zhuji.

Kwa nini ngazi ni ndefu hivyo?

Sababu moja ni biashara. Tovuti kubwa za Kichina, kama Qidian iliyoanza mwaka 2002, huuza sura kwa kuhesabu kila herufi elfu moja. Matabaka tisa ndani ya daraja humpa mwandishi vituo tisa vya kumfanya msomaji arudi kesho. Hilo halifanyi ngazi kuwa mbaya, ila linaeleza kwa nini daraja moja huweza kuchukua sura mia tatu.

Majina yanatofautiana kati ya tafsiri. Nifanyeje?

Shika jina la Kichina, kwa kuwa mfasiri mmoja ataandika kuweka msingi na mwingine kujenga msingi, na wote wanamaanisha Zhuji. Kwa masikio yetu matamshi yanakaribia hivi: lienchi, juji, jiedan, yuenying, hwashen. Andika orodha kwenye karatasi ukiwa sura za mwanzo, ukiweka kando ya kila daraja hali ya chi, umri na kama mtu anaruka.

Baada ya Huashen kuna nini?

Hapo vitabu huachana njia kabisa. Wengi huweka madaraja machache zaidi, kisha dhiki kuu ya mbingu, kisha mhusika hupaa kwenda ulimwengu wa juu. Huko hukuta kwamba hata walinzi wa malango wana nguvu kama zake, na ngazi mpya inaanza.